Jinsi ya kupata mpaka wa chini wa varianzi ya kikadirio: wastani wa Poisson hatua kwa hatua

Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha hesabu za askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi kati ya mwaka 1875 na 1894. Baada ya kuviweka kando vikosi vikuu vinne ambavyo muundo wake ulitofautiana na vingine, vilibaki vikosi 10 vilivyofuatiliwa kwa miaka 20, yaani rekodi 200, kila rekodi ikiwa ni idadi ya vifo katika kikosi kimoja kwa mwaka mmoja. Rekodi 109 hazikuwa na kifo hata kimoja, 65 zilikuwa na kifo kimoja, 22 zilikuwa na viwili, 3 zilikuwa na vitatu, na moja ilikuwa na vinne. Jumla ya vifo ni 122, na wastani kwa rekodi ni 0.61.

Wastani huo wa 0.61 ni kadirio la namba tusiyoijua, tutakayoiita λ, ambayo ndiyo wastani wa kweli wa mgawanyo wa Poisson unaodhaniwa kuzizaa rekodi hizi. Mtu mwingine angeweza kuikadiria λ kwa njia nyingine, na njia zipo nyingi. Swali ambalo mwongozo huu unalijibu ni hili: kati ya vikadirio vyote visivyoegemea upande wowote, yaani vile ambavyo thamani yake tarajiwa ni λ yenyewe, iwe λ ni ngapi, varianzi inaweza kushuka hadi wapi? Jibu liliandikwa na C. R. Rao mwaka 1945 na Harald Cramér mwaka 1946, ingawa Maurice Fréchet alikuwa amekwisha kulifikia mwaka 1943, na ndiyo maana baadhi ya waandishi huliita kwa jina lisilo la mtu, yaani kanuni ya taarifa. Msomaji anahitaji kujua kalkulasi ya awali, na kukumbuka kwamba varianzi ni thamani tarajiwa ya mraba wa umbali kutoka kwenye wastani.

Hatua ya kwanza: andika uwezekano wa rekodi moja na uchukue logi yake

Kwa mgawanyo wa Poisson, uwezekano wa kupata hesabu x katika rekodi moja ni:

```
f(x; λ) = e^(-λ) · λ^x / x!
log f   = -λ + x·log λ - log x!
```

Sehemu ya mwisho, log x!, haina λ ndani yake, kwa hiyo itatoweka punde tu tutakapoanza kuitazama logi hii kama kitu kinachobadilika pamoja na λ. Hilo ndilo badiliko la mtazamo linalotakiwa hapa: x imekwisha kuonekana na haisogei, na kinachosogezwa ni λ.

Hatua ya pili: tafuta skori

Skori ni kiwango ambacho logi hiyo hubadilika λ inaposogezwa kidogo. Kwa kalkulasi ya kawaida tunapata:

```
s(x; λ) = d/dλ log f = x/λ - 1 = (x - λ)/λ
```

Simama hapa kabla ya kuendelea, kwa sababu umbo hili ndilo litakaloamua kila kitu kitakachofuata. Skori ni chanya pale hesabu iliyoonekana inapozidi λ, na ni hasi inapopungua, kwa hiyo inasema ni upande gani data inamvuta mkadiriaji, na kwa nguvu kiasi gani. Thamani yake tarajiwa ni sifuri, kwa kuwa thamani tarajiwa ya x ni λ. Hii ndiyo njia ya haraka ya kugundua kosa la hesabu: ukipata skori ambayo thamani yake tarajiwa si sifuri, basi ama umekosea kalkulasi, ama mgawanyo ulio nao hautimizi masharti ya kanuni hii, jambo ambalo nitalirudia baadaye.

Hatua ya tatu: pima taarifa

Taarifa ya Fisher ni varianzi ya skori. Kwa rekodi moja ya Poisson, varianzi ya x ni λ, nayo ikigawanywa kwa mraba wa λ inabaki 1/λ. Ipo njia ya pili ya kufika hapo hapo, ambayo ni kuchukua kiwango cha badiliko la skori yenyewe, yaani -x/λ², kukigeuza ishara, kisha kutafuta thamani yake tarajiwa. Nayo inatoa λ/λ² = 1/λ. Napendekeza zifanywe njia zote mbili kila mara, kwa sababu wanafunzi wengi husahau kugeuza ishara au huiacha x ndani ya jibu la mwisho, na kutolingana kwa njia hizi mbili hufichua makosa yote mawili mara moja.

Rekodi zikiwa n na kila moja ikiwa huru na nyingine, skori zake hujumlishwa na taarifa zake pia hujumlishwa:

```
I(λ) = n/λ
```

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuisahau n hapa, kisha mtu akashangaa kwamba mpaka wake wa chini haupungui hata sampuli ikikua.

Hatua ya nne: kutoka taarifa hadi mpaka

Hapa haitoshi kuandika fomula na kusonga mbele, kwani anayeelewa chanzo chake ataweza baadaye kusema ni lini kikadirio kinaufikia mpaka na ni lini hakiwezi. Chukua kikadirio chochote T kisichoegemea upande. Maana ya kutoegemea ni kwamba, ukijumlisha thamani za T katika sampuli zote zinazowezekana, kila moja ikizidishwa kwa uwezekano wake, unapata λ. Sasa sogeza λ kidogo pande zote mbili za usawa huo. Upande wa kulia, λ hubadilika kwa kiwango cha 1. Upande wa kushoto, T yenyewe haibadiliki kwa kuwa imetengenezwa kwa data peke yake, na kinachobadilika ni uwezekano, ambao kiwango chake cha badiliko ni uwezekano huo huo ukizidishwa kwa skori ya sampuli nzima, S. Kwa hiyo:

```
E(T·S) = 1
```

Na kwa kuwa thamani tarajiwa ya S ni sifuri, hiyo 1 ni kovarianzi ya T na S. Kila kikadirio kisichoegemea upande, hata kiwe cha ajabu kiasi gani, kina kovarianzi ile ile na skori, na hakuna ujanja wa kuikwepa. Kanuni ya Cauchy na Schwarz inasema mraba wa kovarianzi hauwezi kuzidi zao la varianzi mbili, basi 1 haizidi Var(T) mara Var(S), na Var(S) ndiyo taarifa. Ndipo tunapata:

```
Var(T) ≥ 1/I(λ) = λ/n
```

Usawa hupatikana pale tu T na S zinapokwenda pamoja katika mstari ulionyooka, yaani T inapokuwa λ ikijumlishwa na skori iliyozidishwa kwa kitu kisichotegemea data. Sentensi hii ndiyo nitakayoitumia tena na tena hapa chini.

Hatua ya tano: kipime kikadirio chako

Skori ya rekodi zote n, tukiuita wastani wa sampuli X̄, inaandikika hivi:

```
S = (n/λ)·(X̄ - λ)
```

Ukiigeuza, X̄ = λ + (λ/n)·S. Hilo ni umbo lile lile linalotakiwa kwa usawa. Wastani wa sampuli unaufikia mpaka, na unaufikia kwa kila n na kila λ, si kwa sampuli kubwa peke yake. Unaweza pia kuthibitisha moja kwa moja, kwani varianzi ya wastani wa hesabu n za Poisson ni λ/n. Kwa hiyo hakuna haja ya kuendelea kutafuta kikadirio bora zaidi miongoni mwa visivyoegemea upande.

Kwa data ya Prussia, λ hatuijui, nasi tunaweka 0.61 mahali pake. Mpaka unakuwa 0.61/200 = 0.00305, na kipeuo cha pili chake ni 0.0552. Ikumbukwe kwamba 0.00305 yenyewe ni kadirio la mpaka, si mpaka, kwa kuwa fomula ina λ ya kweli ndani yake.

Inafaa kuutazama mpaka huu kwa kipimo cha uwiano. Ukiugawanya kwa mraba wa λ unapata 1/(nλ), na nλ ndiyo jumla ya matukio yanayotarajiwa. Usahihi wa uwiano, basi, hautegemei idadi ya rekodi peke yake wala ukubwa wa λ peke yake, bali jumla ya matukio. Hapa matukio ni 122, na kipeuo cha pili cha 1/122 ni kama 0.09, yaani asilimia 9. Mtu anayetaka kuipunguza asilimia hiyo iwe nusu hana budi kusubiri matukio yapatayo 488, awe ameyapata kwa kuongeza vikosi au kwa kuongeza miaka, na mpaka tulioupata unamhakikishia kwamba hakuna kikadirio kisichoegemea upande kitakachomwondolea kungoja huko. Kwa mpangaji wa utafiti, naiona hii kuwa faida kubwa kuliko zote za hesabu hii.

Kikadirio cha pili: varianzi ya sampuli

Katika Poisson, wastani na varianzi ni namba moja. Kwa hiyo varianzi ya sampuli, ambayo kwa desturi huandikwa S² wala si mraba wa skori S, yenye kigawanyo n-1, nayo ni kikadirio cha λ kisichoegemea upande. Kwa data yetu, jumla ya miraba ya hesabu ni 196, na S² ni (196 - 122²/200)/199, yaani 0.611. Inakaribiana mno na 0.61, na mtu anaweza kudhani kwamba vikadirio hivi viwili vina thamani sawa. Havina. Varianzi ya S² kwa data ya Poisson ni:

```
Var(S²) = λ/n + 2λ²/(n-1)
```

Sehemu ya kwanza ni mpaka wenyewe, na sehemu ya pili ni ziada iliyopotea bure. Tukiweka namba tunapata 0.00305 + 0.00374 = 0.00679. Uwiano wa mpaka na varianzi hii ni kama 0.45, maana yake mwenye kutumia S² ametupa zaidi ya nusu ya rekodi alizozikusanya. Hasara hiyo huongezeka λ inavyokua, kwa sababu sehemu ya pili ina mraba wa λ. Sababu inaonekana katika hatua ya tano: skori inaiona data kupitia jumla yake peke yake, na kila kitu ambacho S² inakiona zaidi ya jumla ni kelele isiyohusiana na λ.

Asiyeamini fomula anaweza kuipima kwa majaribio ya kompyuta katika R:

```r
set.seed(7)
n <- 200; lam <- 0.61; R <- 20000
x  <- matrix(rpois(n*R, lam), nrow = R)
w  <- rowMeans(x)
s2 <- apply(x, 1, var)
c(var(w), var(s2), lam/n)
```

Namba ya kwanza inapaswa kuwa karibu na 0.00305 na ya pili karibu na 0.0068. Zinaweza kupishana na fomula kwa asilimia moja au mbili kwa sababu ya unasibu wa majaribio. Kwa hiyo, ukiona varianzi ya wastani imeshuka kidogo chini ya mpaka, usidhani umeivunja kanuni. Ongeza R na tofauti itapungua.

Unapokadiria kitu kingine kilichotengenezwa kwa λ

Mara nyingi kinachotakiwa si λ yenyewe. Kamanda angeweza kuuliza ni uwezekano gani kikosi kimalize mwaka bila kifo, nao ni e^(-λ). Kanuni inapanuka kwa urahisi: badala ya 1 katika kovarianzi, unaweka kiwango cha badiliko la kile unachokikadiria, nacho hapa ni -e^(-λ). Mpaka unakuwa mraba wake ukigawanywa kwa taarifa:

```
Var(T) ≥ λ·e^(-2λ)/n
```

Kwa λ = 0.61 na n = 200, hiyo ni 0.000900. Njia nyepesi ya kukadiria ni kuhesabu rekodi zisizo na kifo, 109 kati ya 200, yaani 0.545. Varianzi ya sehemu hiyo ni e^(-λ)(1 - e^(-λ))/n, ambayo ni 0.001241, mbali na mpaka kwa kiasi cha kutosha.

Je, kipo kikadirio kinachoufikia mpaka huu? Rudi kwenye sharti la usawa. T inapaswa kuwa mstari ulionyooka wa skori, na skori imetengenezwa kwa X̄, kwa hiyo T haina budi kuwa na umbo a + b·X̄ ambapo a na b hazitegemei λ. Thamani tarajiwa ya umbo hilo ni a + bλ. Basi katika Poisson, vitu vinavyoweza kukadiriwa hadi kwenye mpaka ni vya umbo a + bλ peke yake, na e^(-λ) si kimojawapo. Mpaka upo na ni wa kweli, lakini hakuna atakayeugusa.

Kilicho bora kabisa kinapatikana kwa njia nyingine. Jumla ya vifo, tuiite Y, ikishajulikana kuwa 122, kila kifo kina nafasi sawa ya kuangukia rekodi yoyote kati ya 200, kwa hiyo uwezekano wa rekodi fulani kubaki tupu ni (1 - 1/200) mara yenyewe mara 122. Kikadirio hiki, (1 - 1/n)^Y, hakiegemei upande, na kwa kuwa jumla imebeba kila kitu ambacho data inajua kuhusu λ, hakuna kisichoegemea upande chenye varianzi ndogo zaidi yake. Kwa data yetu kinatoa 0.5425. Varianzi yake ni:

```
e^(-2λ)·(e^(λ/n) - 1)
```

ambayo ni 0.000902. Pengo kati yake na mpaka ni dogo mno kwa n ya 200, lakini rekodi zikiwa chache na λ ikiwa kubwa pengo hilo huonekana wazi, kwani e^(λ/n) - 1 daima huzidi λ/n. Kwa hiyo kutoufikia mpaka si ushahidi kwamba kikadirio ni dhaifu.

Mahali ambapo hesabu hii haitumiki

Yapo mambo matatu ya kuangalia, na la kwanza ni kuegemea. Ukizidisha X̄ kwa 0.9, varianzi inashuka hadi 0.81 ya λ/n, chini kabisa ya mpaka, kwa kuwa kikadirio hicho si kimojawapo cha vile ambavyo kanuni inavizungumzia. Kwa vinavyoegemea, kiwango cha badiliko la thamani tarajiwa, hapa 0.9, ndicho kinachoingia mahali pa 1.

La pili ni sharti lililojificha katika hatua ya nne, tuliposogeza λ ndani ya jumla. Hilo linaruhusiwa pale ambapo orodha ya thamani zinazowezekana haibadiliki λ inapobadilika. Katika Poisson orodha ni 0, 1, 2 na kuendelea, iwe λ ni ngapi maadamu ni chanya. Katika mgawanyo sawia kati ya 0 na θ, mpaka wa orodha ni θ yenyewe, na skori ya kila kipimo ni -1/θ, namba ambayo wastani wake si sifuri. Hiyo ndiyo ile dalili ya hatua ya pili. Huko kikadirio kilichotengenezwa kwa kipimo kikubwa kuliko vyote, kikizidishwa kwa (n+1)/n, kina varianzi θ²/(n(n+2)), inayopungua kwa kasi ya mraba wa n, na fomula ya 1/I haina maana yoyote.

La tatu ndilo hutokea zaidi kazini: data si ya Poisson. Vifo vikija kwa makundi, au vikosi vikiwa na viwango tofauti, varianzi ya kweli ya X̄ huwa kubwa kuliko λ/n, na anayeripoti kipeuo cha pili cha 0.00305 kama kipimo cha kosa lake atakuwa amejiamini kupita kiasi. Kipimo chake ni chepesi: chukua (n-1)·S²/X̄ na ukilinganishe na n-1. Hapa tunapata 121.58/0.61 = 199.3 dhidi ya 199, ulinganifu unaoonyesha ni kwa nini data hii imedumu vitabuni. S², iliyoshindwa kama kikadirio cha λ, hapa ndipo inapofanya kazi yake halisi. Uwiano ukifika mathalani 2, usitumie λ/n. Tumia S²/n kama kadirio la varianzi ya wastani, au utafute mgawanyo mwingine unaoruhusu varianzi kuzidi wastani, kisha uanze upya kutoka hatua ya kwanza kwa logi ya mgawanyo huo.